En au y: kuchagua katika Kifaransa na kuhamishia katika Kiswahili

Vineno viwili vidogo vya Kifaransa, *en* na *y*, huwasumbua wanafunzi wetu kwa sababu vinazaa maswali mawili ambayo kwa kawaida hufundishwa kama swali moja. La kwanza ni la mtu anayeandika au kusema Kifaransa: hapa niweke kipi? La pili ni la mtu anayefasiri: hiki nilichokisoma nikiseme vipi kwa Kiswahili? Jibu la swali la kwanza liko kwenye kitenzi cha Kifaransa, hasa kihusishi kinachoandamana nacho. Jibu la swali la pili liko kwingine kabisa, kwenye nomino iliyotajwa kabla. Ndiyo maana mtu anaweza kujaza nafasi zote sawasawa kwenye zoezi la sarufi, halafu akipewa barua fupi aifasiri, Kiswahili chake kikatoka kigumu, kimejaa “kuhusu hiyo” na “baadhi yake”.

Upande wa Kifaransa: kitazame kihusishi

Kanuni yenyewe si ndefu. *Y* hushika nafasi ya kitu kilichotanguliwa na *à*, au mahali palipotanguliwa na *à*, *dans*, *sur*, *chez* na vihusishi vya namna hiyo. *En* hushika nafasi ya kitu kilichotanguliwa na *de*. Asili ya *en* ni neno la Kilatini *inde*, lenye maana ya kutoka hapo. *Y* nayo huhusishwa na *ibi*, yaani hapo. Picha hiyo ya zamani bado inasaidia: *y* inaelekea mahali au imetulia mahali, *en* inatoka mahali. *J'y vais*, naenda huko. *J'en viens*, natoka huko.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi pale kitenzi kilekile kinapokubali vihusishi vyote viwili. Jedwali hili linaweka jozi chache kando kwa kando, na Kiswahili chake pembeni.

| Kwa *y* | Kiswahili | Kwa *en* | Kiswahili |
|---|---|---|---|
| *Ton voyage, tu y penses ?* | Safari yako, unaifikiria? | *Ton voyage, qu'en penses-tu ?* | Safari yako unaionaje? |
| *Le football, j'y joue.* | Mpira nacheza. | *La guitare, j'en joue.* | Gitaa napiga. |
| *Le marché, j'y vais.* | Sokoni naenda. | *Le marché, j'en reviens.* | Sokoni ndiko ninakotoka. |
| *La sauce, mets-y du sel.* | Mchuzi utie chumvi. | *Le sel, mets-en un peu.* | Chumvi tia kidogo. |

Itazame mistari miwili ya juu. *Penser à* ni kuwa na jambo akilini. *Penser de* ni kuwa na maoni juu yake. *Jouer à* ni kwa michezo, *jouer de* ni kwa ala za muziki. Hakuna mantiki ya nje itakayokuambia hivyo. Inabidi kitenzi kijifunzwe pamoja na kihusishi chake tangu siku ya kwanza, kama tunavyojifunza nomino pamoja na ngeli yake. Aliyeandika kwenye daftari lake *avoir besoin* peke yake atahangaika. Aliyeandika *avoir besoin de* ameshapata *en* yake.

Kosa la wazungumzaji wa Kiswahili hapa lina sababu yake. Vitenzi vyetu vingi humpokea mtendwa moja kwa moja pale Kifaransa kinapodai kihusishi. Tunahitaji kitu, tunakikumbuka kitu, tunakiogopa, tunaijibu barua, tunaishiriki kazi. Kifaransa kinasema *avoir besoin de*, *se souvenir de*, *avoir peur de*, *répondre à*, *participer à*. Kwa hiyo mtu anayefikiri “nimeijibu” huandika *je l'ai répondue*, wakati inatakiwa *j'y ai répondu*. Dawa yake ni kuandika kwanza sentensi nzima pamoja na nomino, *j'ai répondu à la lettre*, kisha kuangalia ni neno gani linaondoka pamoja na hiyo nomino. Likiondoka *à*, weka *y*. Likiondoka *de*, *du*, *de la* au *des*, weka *en*. Kama hakuna kihusishi kinachoondoka, basi si *en* wala *y*, ni *le*, *la* au *les*.

Idadi ndiyo inayoleta taabu zaidi, kwa sababu *de* haionekani. *J'ai trois sacs* inageuka *j'en ai trois*, ingawa hakuna *de* popote kwenye sentensi ya mwanzo. Mzungumzaji wa Kiswahili husema “nina matatu” na amemaliza, kwa hiyo huandika *j'ai trois*, nayo masikioni mwa Mfaransa inabaki inaning'inia, tatu za nini? Ukitaja idadi au kiasi na kuiacha nomino, iwe *deux*, *beaucoup*, *un peu* au *un kilo*, *en* lazima iwepo kabla ya kitenzi.

Kuhusu watu, *y* na *en* hujizuia. Namfikiria kaka yangu ni *je pense à lui*, si *j'y pense*. Namzungumzia mama ni *je parle d'elle*. Katika mazungumzo ya kawaida Wafaransa huilegeza kanuni hiyo upande wa *en*, kwa mfano mzazi akisema juu ya wanawe *j'en suis fier*. Na pale penye idadi hakuna kizuizi kabisa: *des enfants, j'en ai trois*.

Mambo mengine ya umbo yanajifunzika haraka. Katika amri, vitenzi vilivyopoteza *s* huirudisha ili sauti zisigongane: *vas-y*, *penses-y*, *manges-en*. Kwa *aller* katika wakati ujao, *y* huachwa kabisa, mtu husema *j'irai* tu. Vikikutana, *y* hutangulia *en*. Na isikuchanganye *en* ya kihusishi, ile ya *en ville* au *en mangeant*: hiyo hukaa mbele ya nomino au mbele ya umbo la *-ant*, haiwakilishi chochote. Zinaweza hata kufuatana, *en en parlant*, yaani wakati wa kulizungumzia jambo. Ya kwanza ni kihusishi, ya pili ni kiwakilishi.

Upande wa Kiswahili: rudi kwenye nomino

Sasa geuza uso. *En* na *y* zinakueleza kihusishi kilikuwa kipi, lakini hazikuelezi chochote kuhusu nomino yenyewe: si umoja, si wingi, si aina yake. Kiswahili kinafanya kinyume. Kitenzi chetu hakijali kama palikuwa na *à* au *de*. Kinataka kujua ngeli. Kwa hiyo mfasiri akifika kwenye *en* hawezi kuendelea kabla hajarudi nyuma kutafuta nomino iliyowakilishwa, akaifasiri hiyo kwanza, ndipo apate kiambishi.

Chukua *j'en ai besoin*. Maneno hayo hayabadiliki hata kidogo, iwe ni kisu, maji au usingizi. Kwa Kiswahili kisu nakihitaji, maji nayahitaji, usingizi nauhitaji, dawa naihitaji au nazihitaji kutegemea ni moja au nyingi. Ndivyo ilivyo kwa *y* pia. *Je m'y suis habitué* aliyesema juu ya chakula ni “nimekizoea”, aliyesema juu ya makelele ni “nimeyazoea”, na aliyesema juu ya mji wa Lubumbashi ni “nimepazoea”, kwa kuwa sasa tunazungumzia mahali. Angalia pia kwamba ndani ya Kiswahili *en* ya *besoin de* na *y* ya *s'habituer à* zimekuwa kitu kimoja: kiambishi cha mtendwa kabla ya mzizi wa kitenzi. Tofauti iliyomtoa jasho mwanafunzi upande wa Kifaransa imetoweka, na imekuja nyingine mahali pake.

Vipi kama hakuna nomino, na kinachowakilishwa ni sentensi nzima? Mtu anasema mvua itaharibu barabara, mwenzake anajibu *je m'y attendais*, au *j'en suis sûr*. Hapo Kiswahili kina neno lake la akiba, “jambo”, hata kama halikutamkwa, na upatanisho wake ni wa ngeli ya LI-YA. *Je m'y attendais* inakuwa “nililitarajia hilo”. *J'y ai pensé* inakuwa “nimelifikiria”. *Il s'en occupe* inakuwa “analishughulikia”. *J'en suis sûr* inatosha “nina hakika”, na ukitaka mkazo, “nina hakika na hilo”. Wanaoweka “hiyo” hapa, “nina uhakika na hiyo”, wanaeleweka, lakini “hilo” ndilo linalokaa vizuri mdomoni.

Hayo yanahusu *en* iliyotokana na kitenzi kinachodai *de*. *En* ya kiasi, ile iliyotokana na *du*, *de la* au *des*, inakwenda njia nyingine, na hapa ndipo ninapowaomba wafasiri watulie kidogo. *Tu as bu du thé ? Oui, j'en ai bu.* Kiswahili: “Umekunywa chai? Ndiyo, nimekunywa.” Hakuna kiambishi. Linganisha na hii: *Et le thé que j'avais laissé ici ? Je l'ai bu.* “Na ile chai niliyoiacha hapa? Nimeinywa.” Ile *-i-* inaonyesha kwamba ni chai mahususi, tunayoijua sote wawili, na huenda kikombe kimebaki kitupu. Tofauti ya Kifaransa kati ya *en* na *le* inabebwa na Kiswahili kwa kukiacha au kukiweka kiambishi cha mtendwa. Ni ulinganifu mzuri sana kati ya lugha mbili zisizo na undugu. Mtu akikuuliza kama unataka chai ukamjibu “naitaka”, umemfanya atazame mezani kuona ni chai gani. Jibu ni “nataka”, kama *j'en veux*. Na kwa kukataa, *je n'en veux pas*, ni “sitaki”.

Kuna kitenzi kimoja kinachoivunja kanuni hiyo, nacho ni “kuwa na”. *Tu as de l'argent ? Oui, j'en ai.* Hapa hatuishii kwenye “nina”, kwa sababu “nina” haisimami peke yake. Tunasema “ninazo”. Maji ninayo, kitambulisho ninacho, muda ninao. Kwa kukataa tunaweza kusimama kwenye “sina”, na ndiyo *je n'en ai pas* ya kila siku. Kukiwa na idadi, namba yenyewe inabeba ngeli na kazi imekwisha: *j'en ai deux* ni “ninavyo viwili” au “nina viwili”, kama ni vitabu, *il en reste trois* ni “yamebaki matatu”, kama ni magunia. Duka lolote la mtaani litakupa *il y en a* na *il n'y en a plus* bila kufikiri: “Sukari ipo?” “Ipo.” Au: “Imekwisha.”

Y ya mahali: moja yao, tatu zetu

Kwa mahali mzigo unakuwa mzito upande wetu. *Il y est* ni moja tu kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili ni “yupo”, “yuko” au “yumo”, na huwezi kukwepa kuchagua. Aliyeulizwa kama baba yupo nyumbani, naye anaongea akiwa mlangoni, atasema “yupo”. Aliyeulizwa habari za ndugu aliyehamia Paris, asiyejua hata mtaa gani, atasema “bado yuko huko”. Ufunguo uliowekwa ndani ya sanduku, *elle y est*, ni “umo”. Kifaransa kilikuwa kimetoa habari hiyo mapema, kwenye kihusishi cha swali: *dans la boîte* inadokeza *mo*, *à Paris* inadokeza *ko*. Kwa hiyo tena, mfasiri anarudi nyuma. Vivyo hivyo *il y a*, ambayo inagawanyika kuwa “kuna”, “pana” na “mna”. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu, aliyekulia katikati ya lugha zote mbili, atasema mtaani kwao “iko” inatosha kwa mengi ya haya, na ni kweli kwa mazungumzo. Kwa maandishi yatakayosomwa Zanzibar au Dodoma pia, mgawanyo wa tatu una manufaa yake.

Kwa vitenzi vya kwenda na kurudi, mara nyingi *y* haihitaji chochote. *Tu vas au marché ? Oui, j'y vais.* “Unaenda sokoni? Ndiyo, naenda.” Kuongeza “huko” kila mara ni kuiga Kifaransa. “Huko” inahitajika pale mahali pametajwa mbali nyuma, au pale unapotaka kupatofautisha na pengine. Kwa *en* ya kutoka mahali tuna njia nzuri zaidi ya “kutoka huko”, nayo ni “ndiko”: *j'en viens*, “ndiko ninakotoka”.

Na kuna *y* ya mahali ambayo Kiswahili hupageuza mahali kuwa mtendwa. Ndiyo ile ya jedwalini, *mets-y du sel*. Tungeweza kusema “tia chumvi humo”, lakini mpishi anasema “utie chumvi”, mchuzi ukiwa ndio unaotendewa. *Mets-en*, ikiwa chumvi yenyewe ndiyo iliyotajwa, ni “tia”. Weka hizo mbili sambamba, “utie” na “tia”, uone jinsi *y* na *en* zilivyotenganishwa vizuri bila neno hata moja la ziada.

Nafasi moja tu ndani ya kitenzi

Kifaransa kinaweza kupanga viwakilishi foleni: *je lui en ai donné*, *il m'en a parlé*, *je les y ai conduits*. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya mtendwa, na mtu akiwepo, huichukua yeye. Kwa hiyo *je lui en ai donné* ni “nimempa”. Ile *en* haikupotea kwa uzembe. Haina pa kukaa, na msikilizaji anaijua. Kukiwa na idadi, *je lui en ai donné deux*, tunasema “nimempa viwili”. Kama kuna hatari ya kutoeleweka, nomino yenyewe hurudi nje ya kitenzi, mwanzoni: “Vitabu nimempa.” Anayejaribu kulazimisha ataandika “nimempa baadhi yake”, na msomaji atajiuliza ni baadhi ya nini, na kwa nini si zote.

*En* ya umiliki nayo ina mtego. *J'en connais l'auteur*, kuhusu kitabu, ni “namjua mwandishi wake”. Inafanya kazi, kwa sababu “-ake” yetu inakubali vitu na watu. Lakini hebu chukua *J'ai parlé au directeur de l'école. J'en connais l'histoire.* Kwa Mfaransa hii ni historia ya shule. Ingekuwa ya mkuu wa shule, angesema *son histoire*. Ukiandika “naijua historia yake”, umempa mkuu wa shule historia isiyokuwa yake. Pale mtu na kitu vinapokaribiana, andika nomino upya: “naijua historia ya shule hiyo”.

Kupitia Kiingereza, au moja kwa moja?

Wengi wetu Tanzania na Kenya tunajifunza Kifaransa kupitia vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo *en* hupita kwanza kwenye *some* au *of it*, na *y* kwenye *there*, kabla ya kufika kwetu. Kwa msomaji wa Kiingereza njia hiyo inafaa, na *some* inatunza vizuri tofauti ile ya *j'en ai bu* na *je l'ai bu*. Kwa Kiswahili inaleta hasara. Kutoka *some* mtu anatumbukia kwenye “nataka baadhi”, sentensi ambayo hakuna mwenyeji anayeitamka akiulizwa habari ya chai. Kutoka *about it* anapata “nitazungumza kuhusu hiyo”, wakati “nitalizungumzia” lilikuwa pale tayari. *There* haimwambii kama ni *po*, *ko* au *mo*. Nafasi pekee ambapo ningepita Kiingereza ni pale fasiri yenyewe inapokwenda kwa Waingereza. Kwingine rudi moja kwa moja kwenye nomino ya Kifaransa.

Kuna misemo iliyogandamana ambayo haina nomino ya kurudia, na hiyo hufasiriwa nzima. *Allons-y* ni “twende”. *Ça y est* ni “tayari”. *Je n'y peux rien* ni “sina la kufanya”. *Ne t'en fais pas* ni “usijali”. *Je lui en veux* ni “nina kinyongo naye”. Ninaipenda zaidi *s'en aller*, kwa sababu Kiswahili kina jibu lake kamili: *je m'en vais* ni “naenda zangu”, *va-t'en* ni “nenda zako”, *il s'en est allé* ni “kaenda zake”. Ile “zangu” haina nomino, kama *en* ile isivyo na nomino, na zote mbili zinaonyesha mtu anayeondoka mahali.

Ujumbe mmoja, vineno vinane

Tuseme mfanyabiashara wa Bujumbura anamwandikia mwenzake wa Kigoma, aliyemzidi umri:

*Bonjour grand frère. Tu m'avais demandé des sacs de riz. J'en ai trouvé au port, mais il n'y en a que vingt. J'y retourne demain matin. Le propriétaire veut vendre le tout d'un coup. Il m'en a déjà réservé dix. J'en connais la qualité, elle est bonne. Réfléchis-y, et je t'en reparle ce soir.*

Kuna *en* tano na *y* tatu. Nomino ya kurudia ni *sacs de riz*, magunia ya mchele, kwa hiyo upatanisho wetu ni wa YA, na mahali ni bandarini. Ningeandika hivi:

“Habari za asubuhi, kaka. Uliniagiza magunia ya mchele. Nimepata bandarini, lakini yapo ishirini tu. Kesho asubuhi narudi huko. Mwenyewe anataka kuyauza yote kwa mkupuo, kumi ameshaniwekea. Ubora wa mchele huo naujua, ni mzuri. Hebu lifikirie, jioni tutaongea tena.”

*J'en ai trouvé* imekuwa “nimepata” bila kiambishi, kwa kuwa ni magunia yoyote, si yale tunayoyajua. “Nimeyapata” ingemfanya kaka afikiri yalikuwa yamepotea. *Il n'y en a que vingt* imebeba *y* na *en* pamoja, na “yapo” imezimaliza zote mbili kwa pigo moja. “Huko” imebaki kwa sababu anayesoma yuko Kigoma na bandari ile ni ya upande wa pili. Katika *il m'en a réservé* nafasi ya mtendwa imechukuliwa na “-ni-”, hivyo magunia yamebaki kwenye “kumi”, na nimeitanguliza ili isipotee. Kwa *j'en connais la qualité* sikuandika “ubora wake”, kwa kuwa mwenye mali ametajwa sentensi iliyotangulia tu, nimeurudisha mchele. *Réfléchis-y* haimaanishi magunia, inamaanisha suala zima la kununua au kutonunua, ndiyo maana ni “lifikirie”, si “yafikirie”.

Ya mwisho, *je t'en reparle*, inaweza kuwa magunia, ubora au suala zima. Kifaransa hakichagui. “Tutaongea tena” nayo haichagui, na imeuacha mlango wazi kama alivyouacha mwandishi. Kama ingekuwa mkataba badala ya ujumbe wa simu, ningempigia aliyeandika nimuulize ile *en* anakusudia nini kabla ya kuandika “nitayazungumzia” au “nitalizungumzia”.